Nilivyopanga majina ya kazi za kigeni katika marejeo ya tasnifu yangu

Nilipokuwa nikikamilisha tasnifu yangu, ambayo niliiandika kwa Kiswahili, nilishauriwa nitafsiri majina yote ya vitabu, filamu na makala katika orodha ya marejeo, kwa hoja kwamba kazi ya Kiswahili haipaswi kuchanganywa na lugha nyingine. Ushauri huo uliniudhi, na bado unaniudhi kila ninapousikia ukirudiwa, kwa sababu unasahau kuwa marejeo yapo ili msomaji aweze kukifikia chanzo chenyewe. Badala ya kubishana, niliyatafsiri maingizo machache kama nilivyoelekezwa, nikampa mwenzangu ayatafute katika katalogi ya maktaba bila kumtajia majina asilia. Makala za Kifaransa hakuzipata kabisa. Kwa vitabu, jina la mwandishi na mwaka vilimsaidia kwa kiasi, lakini palipokuwa na mwandishi mwenye vitabu kadhaa vya miaka inayokaribiana, ilimbidi akisie, na mara nyingine alikisia visivyo. Nilipompelekea msimamizi wangu matokeo hayo, mjadala uliishia hapo.

Utaratibu nilioufuata ni ule wa mtindo wa APA: jina asilia hutangulia kwa italiki, kisha tafsiri huwekwa ndani ya mabano ya mraba kwa herufi za kawaida. Tafsiri hiyo ni msaada tu kwa msomaji asiyeijua lugha ya chanzo, kwa hiyo inapaswa kuwa ya moja kwa moja, bila madoido.

Filamu ndizo zilizonifundisha kwamba tafsiri ya namna hii lazima itoke kwenye lugha asilia. Filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948 inaitwa *Ladri di biciclette*, na neno la kwanza la Kiitaliano liko katika wingi. Uingereza iliitwa *Bicycle Thieves*, nako wingi ukabaki, ilhali Marekani ilionyeshwa kwa jina la *The Bicycle Thief*, lenye mwizi mmoja. Anayetafsiri kutoka jina la Kimarekani ataandika "Mwizi wa baiskeli", na hapo atakuwa ameupoteza wingi ambao una uzito katika hadithi, kwani baba aliyeibiwa baiskeli naye anajaribu kuiba mwishoni. Mimi niliandika *Ladri di biciclette* [Wezi wa baiskeli].

Jambo ni tofauti kabisa pale ambapo tafsiri imekwisha kuchapishwa kama kitabu. Riwaya ya Chinua Achebe, *Things Fall Apart*, ya mwaka 1958, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Clement Ndulute, ikatoka mwaka 1973 kwa jina la *Shujaa Okonkwo*. Jina hilo halifanani na la Kiingereza hata kidogo, na ndiyo maana halifai kutumiwa kama tafsiri ya kuweka kwenye mabano. Ni jina la kitabu kingine, chenye mtafsiri wake, mwaka wake na kurasa zake. Kanuni niliyojiwekea ilikuwa kutaja kitabu nilichokuwa nacho mkononi. Niliponukuu kutoka *Shujaa Okonkwo*, niliandika jina hilo, nikamtaja mtafsiri, nikaongeza kwamba kazi asilia ilitoka mwaka 1958, na ndani ya matini nikaandika (Achebe, 1958/1973). Niliponukuu toleo la Kiingereza, niliacha jina la Kiingereza. Kosa la kuchanganya matoleo hayo hugundulika upesi, kwa sababu msomaji hufungua ukurasa uliotajwa na kukuta tukio jingine.

Katika Zotero, programu niliyoitumia kupanga marejeo, nilikumbana na kero ndogo: jina lote, pamoja na mabano, lilitoka kwa italiki. Utatuzi wake nauonea fahari. Programu hiyo hugeuza italiki zinazowekwa ndani ya jina ambalo tayari lina italiki, kwa hiyo ukizungushia alama za italiki sehemu ya mabano, sehemu hiyo hutoka kwa herufi za kawaida:

```
Ladri di biciclette <i>[Wezi wa baiskeli]</i>
```

Kwa makala usifanye hivyo, maana katika APA kichwa cha makala hakiandikwi kwa italiki, na alama hizo zitaleta kinyume cha unachotaka. Kichwa cha makala hupata tafsiri yake kwenye mabano, lakini jina la jarida liachwe lilivyo, bila tafsiri yoyote, kwa kuwa jarida hutafutwa kwa jina lake lilelile lililochapishwa kwenye jalada.