Siku ya kura: kilomita 14 ambazo basi haliendi

Saa 11 alfajiri, Jumatano, 28 Oktoba 2020. Nimejaza tangi la Boksa na kufunga chupa moja ya petroli chini ya kiti. Naendesha bodaboda Nyehunge, Buchosa. Magari ya kutoka Mwanza yanaishia hapa. Anayekwenda vijiji vya ziwani anatutegemea sisi.

Saa 1 kituo kinafunguliwa, nami nipo foleni. Karatasi tatu: rais, mbunge, diwani. Narudi kijiweni, pikipiki tulizo nazo ni nne tu. Kumbe wenzangu wengi walijiandikisha kwao, na kura unapiga ulipojiandikisha. Wameondoka na pikipiki zao. Ndiyo maana nauli ya elfu nne imekuwa elfu nane, wala sikuipandisha mimi.

Mpaka saa 6 nimekwenda na kurudi mara mbili. Wazee nawapeleka kwanza, kwa kuwa wao, wajawazito na wanaonyonyesha hawapangi foleni. Nikimshusha bibi, mara amemaliza, namrudisha. Kijana atanikalisha pale saa nzima.

Saa 7 mvua. Si kubwa, ila pale bondeni kwenye majaruba udongo ni mweusi wa mbuga. Unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Dawa yake ni kijiti na uvumilivu.

Saa 8 na robo anashuka dada mmoja na mdogo wake. Wamechelewa kivuko Kamanga.

"Kaka, tutawahi?"

"Kituo kinafungwa saa 10. Kadi mnazo?"

Mdogo mtu anapekua mkoba, kadi ya mpigakura hana. Ana ya NIDA. Mwaka huu tume imeruhusu kitambulisho cha taifa, leseni au pasipoti, mradi jina liwe kwenye daftari la kituo na lifanane. Nikamwambia twende.

Mshikaki, najua si halali. Bondeni nikawashusha, wakatembea wameshika viatu, mimi nasukuma. Mara tatu nikachokoa tope. Nusu saa nzima imeliwa na mita mia tatu.

Saa 9:40 tumefika. Orodha zimebandikwa ukutani kwa alfabeti, vyumba viwili, kila dada na chumba chake. Foleni bado ndefu, dada mtu anaanza kulia. Nikamwonyesha askari: ikigonga saa 10 atasimama nyuma ya mtu wa mwisho, waliopo mbele yake wote watapiga, hata giza likiingia.

Saa 11 kasoro wametoka, vidole vina wino. Mzee mmoja aliyefika saa 10 na dakika tano kwa miguu alirudishwa. Yeye alisubiri pikipiki njia panda tangu saa 7.

Sikuwarudisha. Bonde lile usiku sipiti na abiria. Wamelala kwa shangazi yao, na nauli ya kurudi wamenipa nusu.

Saa 2 usiku naosha pikipiki, simu inaita. Dada mtu: "Kaka, kesho saa 11 alfajiri uje. Na lete pikipiki mbili."