Kama huna chupa

Jumanne, usiku. Upepo wa Agosti umetulia kidogo, ila ukipitisha kidole juu ya gitaa bado unachora mstari kwenye vumbi. Hapa Ipagala, Dodoma, hata ufunge dirisha vipi, vumbi lina ufunguo wake.

Kwa wiki tatu daftari langu lilikuwa na neno moja tu, "Mapenzi", nalo nimelikata. Rafiki yangu mwenye studio ndogo kule Nkuhungu amenipa muda wa saa mbili Jumamosi, na mimi sina wimbo. Nina vipande vya gitaa vizuri kabisa, vitatu au vinne, lakini kipande cha gitaa bila neno ni sufuria jikoni bila unga.

Jana jioni nikaacha kila kitu, nikaenda dukani kununua vocha. Mama wa duka ni mtu mzima, anauza kupitia dirisha la nondo, nje kuna benchi la mbao lililolegea mguu mmoja. Mbele yangu alikuwepo kijana fundi ujenzi, saruji imekauka hadi kwenye kope. Akaomba soda ya baridi. Mama hakuinua hata macho.

"Kaka, kama huna chupa, kunywa hapa hapa."

Kila mtu aliyekulia nchi hii amewahi kuambiwa hivyo. Kreti lina chupa ishirini na nne, na mwenye duka anatakiwa kurudisha tupu ishirini na nne. Ikipungua moja anailipa yeye. Kwa hiyo uje na chupa yako, au uache hela ya chupa, au unywe mbele ya macho yake. Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa natumwa dukani na bibi. Jana ndiyo mara ya kwanza kuyasikia kama wimbo, na nadhani ni kwa sababu ya yule fundi. Alikaa kwenye benchi akainywa soda ile kama mtu anayesoma barua. Dakika kumi nzima, soda moja.

Sikusubiri kufika nyumbani. Nimeshapoteza maneno mengi kwa kusema "nitayakumbuka". Ninachopoteza huwa si maneno, ni namna yalivyosemwa. Nikasogea pembeni, nikafungua rekoda ya simu, nikayarudia kwa sauti ya mama yule yule, bodaboda zikipita nyuma. Niliposikiliza baadaye niligundua kwamba nusu ya kwanza inapanda, "kama huna chupa", kama inauliza. Nusu ya pili inashuka, "kunywa hapa hapa", kama mlango unaofungwa taratibu. Ukisema sentensi inayoanza na "kama" ya sharti, mara nyingi utaona sauti yako inafanya vivyo hivyo. Basi nikaifuata tu kwenye gitaa, na kwa wale waliopita kwaya ikawa hivi: so-so-la-la-do-do, halafu la-la-so-so-mi-mi. Nilikuta tuni imeshatungwa na mwenye duka, hata sijui nimwandike wapi.

Kisha nikahesabu mizani. Ka-ma hu-na chu-pa, sita. Ku-nywa ha-pa ha-pa, sita. Kila neno lina silabi mbili, na kwa kuwa Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, mkazo unaangukia silabi ya kwanza ya kila neno: KAma, HUna, CHUpa. Ukipiga makofi inakaa juu ya pigo bila kusukumwa. Nilifurahi kama nusu saa hivi. Halafu nikaimba mara kumi mfululizo, nikasikia watoto wa chekechea wakiandamana.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Maneno yanayokaa sawa mno juu ya pigo yanachosha, na pia yanaisha mapema: silabi sita kwa mwendo ule zinakula mapigo matatu, pigo la nne linabaki wazi. Kwanza nikajaribu kurefusha mwisho, "chupaaa". Ikawa mbaya, ikasikika kama mgeni anayejifunza lugha. Nikarefusha silabi yenye mkazo, "chuuupa", ikakaa papo hapo, kwa sababu hata tukiongea kawaida silabi hiyo ndiyo tunayoivuta kidogo. Sasa "chuu" inakula pigo la tatu lote na "pa" inadondokea la nne. Nusu ya pili sikuivuta kabisa. "Kunywa hapa hapa", inakatika, na pigo la nne linabaki kimya. Kimya kile ndicho kinachofanya msikilizaji amwone mtu amekaa kwenye benchi.

Rafiki yangu wa studio, nilipompigia simu na kumwimbia, akasema niimbe "kama hauna chupa", ndivyo vijana wanavyoongea siku hizi. Nikajaribu. Ha-U-na. Silabi imeongezeka moja na mkazo umehama, tuni yote ikapinda kama baiskeli iliyogonga shimo. Shangazi yangu mwalimu angefurahi kusikia sarufi imeshinda, ila kwa kweli ni hesabu tu.

Kabla sijaendelea nikafungua kurasa za nyuma za daftari, ambako huwa naandika maneno ya kuokota, nione kwa nini hili lilifunguka na mengine yamelala. Yapo mazuri pale. Kuna konda mmoja aliita "shusha kwenye mbuyu", na mimi nimelipenda hilo mwaka mzima. Lakini kila nikikaa nalo halitoi kitu. Ni picha, halina watu wawili ndani yake. "Kama huna chupa" lina anayetaka, lina anayezuia, na lina sharti kati yao. Ukishajua nani anamwambia nani, ubeti wa kwanza umeshaanza kujiandika.

Ulianza vibaya, lakini. Nakiri hapa kwa sababu hakuna anayenijua: mstari wangu wa kwanza ulikuwa "mapenzi ni kama soda". Nikaandika mistari minane ya namna hiyo, mapovu yanaisha, utamu unabaki mdomoni, kila kitu kinafananishwa na kila kitu. Nikasoma asubuhi nikaona aibu. Mtu angeweza kuandika ubeti ule bila kuwahi kusimama kwenye duka lolote. Nikaufuta na kujiwekea sheria moja, kwamba neno mapenzi halitaingia humu, na hakuna atakayetoka nje ya eneo la lile benchi. Nikamwacha fundi aongee:

Naja na vumbi jioni,
saruji imo kuchani,
noti yangu mkononi,
nawe wauliza chupa.

Silabi nane nane. Mstari wa nne nimeuacha bila kina makusudi. Kwa Kiswahili kina ni rahisi kupatikana, karibu kila neno linaishia na irabu, na ukibandika "ni" ya mahali kwenye nomino unaweza kuimba kina mpaka kuche. Sikio limeshazoea "ni" likaja "pa", linashtuka kidogo, na kwa mshtuko huo unaingia kiitikio, ambacho nacho kinaishia na "pa" pande zote mbili. Ila "ni" hiyo hiyo ina mtego wake. Chupa ni CHUpa, lakini chupani ni chuPAni. Ukipanga tuni kwa neno moja ukaimba lingine, mkazo unakimbia na wimbo unaanza kuchechemea bila wewe kujua ni wapi. Mimi huwa naujua kwa kuusoma ubeti kwa sauti ya kawaida huku nagonga meza. Ukiona umelazimika kutamka neno vibaya ili liingie, tuni ndiyo ibadilike.

Ubeti wa pili ulikuja leo mchana, nikiwa nimekaa kwenye lile lile benchi bila sababu ya maana. Nilikuwa namfikiria yule fundi na dakika zake kumi. Mtu anayejenga mtaa huu kila siku, anayepita duka hili kila jioni, kweli hana chupa?

Chupa ninazo nyumbani,
tano ziko dirishani,
kila siku naziacha
nipate kukaa benchi.

Nilipoandika mstari wa mwisho nilicheka peke yangu, mtoto aliyetumwa sukari akanitazama. Kiitikio hakikubadilika hata herufi, lakini sasa mama akisema "kunywa hapa hapa" si kukataliwa tena. Ndicho fundi alichokuja kutafuta. Babu yangu wa Chamwino, ambaye ngoma za Kigogo ndiyo shule yake, huwa anasema waitikiaji warudie kile kile, anayeongoza ndiye wa kuhama. Zamani nilidhani anasema hivyo kwa uvivu wa waitikiaji.

Nilipoinuka kuondoka niliagiza soda yangu, nikakumbuka sina chupa, nikajiandaa kuambiwa. Mama akanitazama kupitia nondo.

"Shikamoo mama," nikasema, kama mtu aliyekamatwa.

"Marahaba. Chukua tu mwanangu, utaleta kesho."

Nikaondoka na soda mkononi. Nilipaswa kufurahi, nimeaminiwa. Lakini benchi lilikuwa pale, tupu, na mimi nimeruhusiwa kwenda zangu. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama yule fundi angeambiwa hivyo jioni moja angeona amekaribishwa ndani au amefukuzwa.

Nyumbani nilikunywa, nikaigonga chupa kwa kijiko. Ikatoa sauti ya juu kidogo kuliko so yangu. Nikaongeza maji, sauti ikashuka, nikaongeza tena mpaka ikakaa. Nikajaribu kuipuliza mdomoni, huko mambo ni kinyume, maji yakiongezeka sauti inapanda, maana hapo kinacholia ni hewa iliyobaki juu ya maji. Nitaigonga. Itaingia kwenye lile pigo la nne lililo kimya, mara moja tu, kwenye kiitikio cha mwisho.

Kinachobaki ni ubeti wa tatu, na najua lazima uwe na maneno ya mama ya leo. "Chukua, utaleta kesho." Chu-ku-a-u-ta-le-ta-ke-sho, tisa. "Chukua, lete kesho", saba, na pia inakuwa amri, naye hakuniamrisha. Nimejaribu kuanza kabla ya pigo, nimejaribu kuikimbiza "uta", bado inasikika kama mtu anayepanda basi limeshaondoka. Labda ndivyo iachwe. Labda asiimbe, aseme tu.

Ijumaa, asubuhi. Bado tisa. Kesho ni Nkuhungu. Chupa iko dirishani, sijairudisha.