Golikipa aliyefumba macho
Kwa kuwa eneo letu la kuchezea ni dogo, katika kipindi cha mpira wa mikono nilichora mstari wa eneo la golikipa mita 4 kutoka golini badala ya mita 6 za uwanja kamili, na kosa langu likajitokeza mara moja: wanafunzi wa darasa la sita walirusha kwa nguvu, naye golikipa akageuza uso na kufumba macho. Nilileta mpira wa sponji, nikaagiza kila mrushaji audundishe mbele ya golikipa, ambaye punde alianza kusogea hatua moja mbele, mikono juu, macho yakiufuata mpira. Pasi hazikunisumbua, isipokuwa za waliorusha kiwiko kikiwa chini ya bega, kwani zilipaa juu ya mpokeaji.