Bawasiri ilinivimba, barafu ikanituliza, mafuta ya karafuu yakaniunguza

Mimi naendesha bajaji hapa Dar, kutwa nzima nimekaa, maji nakunywa kidogo ili nisihangaike kutafuta choo, basi mwaka jana choo kikawa kigumu kama kokoto na siku moja nikaoga nikashika kinyama kimejitokeza nje, saizi ya harage hivi, kinauma hata kukaa siwezi.

Wa kwanza kunisaidia alikuwa barafu, zile za kwenye vimfuko wanazouza watoto mtaani. Siku ya kwanza nikaweka moja kwa moja kwenye ngozi, nikaona raha ganzi imeingia, kumbe naiunguza, baada ya kama nusu saa pakawa pekundu panawaka kuliko mwanzo. Mke wangu ndo akaniambia we baba nanii, si uifunge kitambaa! Tukachana kipande cha kanga ya zamani, nikaizungushia mara mbili, nalala ubavu naweka dakika kumi natoa, mara tatu au nne kwa siku. Siku ya tatu uvimbe ukaanza kunywea. Barafu haiponyeshi lakini, inapunguza uvimbe na maumivu tu.

Shangazi yangu wa Pemba akasikia (sijui nani alimwambia!) akatuma chupa ya mafuta ya karafuu, eti yanakausha kila kitu. Jamani. Nilipaka tone moja tu na niliruka kitandani kama nimekalia kaa la moto, nikakimbilia maji ya vuguvugu. Sehemu ile ngozi yake laini mno na ilishachubuka, mafuta makali kama karafuu au mnanaa yanaiunguza, na kitunguu saumu ndo usijaribu kabisa.

Ya nazi safi hayakuniwasha, yanalainisha, ila kinyama hayapunguzi. Nilichobaki nacho ni mafuta ya mgando yasiyo na harufu, yale ya manukato yaliniwasha. Napaka kiasi cha punje ya mahindi kabla ya kwenda chooni ili choo kipite bila kuchubua, nikitoka nanawa kwa maji matupu, sabuni hapana, nakausha kwa kugusagusa na kitambaa wala sisugui. Kuna kipindi nilijipaka mengi asubuhi nikaenda kazini, kwenye kiti cha bajaji na lile joto jasho likakaa humo, jioni ngozi nyeupe imelowa kama vidole vya mfua nguo na inawasha balaa. Kidogo tu inatosha.

Nilipoona damu kwenye karatasi nikaenda hospitali, maana damu si lazima iwe bawasiri, daktari akapima kwa kidole akasema ni yenyewe, akaniambia nile majani ya maboga na dona na maji ya kutosha, nisikae chooni na simu. Na kama siku moja kinyama kikiwa cha bluu, kigumu, maumivu ya ghafla, nisisubiri barafu, niwahi ndani ya siku mbili tatu kwani kinaweza kukatwa.

Shangazi akiuliza kama chupa imeisha namjibu bado, nayatunzia jino.