CapsLock imekuwa mkwaju, F1 ikafuta risiti

Leo imekubali. Naandika usiku huu huu kabla sijasahau nilipita wapi.

Kwa wasiofuatilia toka mwanzo: kitufe cha mkwaju kwenye laptopu ya duka kilikufa, na kwa mtu anayechapa barua na ankara za wafanyabiashara wa dagaa hapa Kirumba, bila mkwaju huandiki Kumb. Na. wala 15,000/=. Kibodi ya pembeni haina pa kukaa kwenye kaunta yetu. Nikaandika skripti hii ya AutoHotkey, programu ya kubadili kazi za vitufe (ni v2, zile skripti za v1 mnazonakiliana hazitasoma):

```
CapsLock::/
F1::F2
::hsk::Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
```

Hiyo F1 ni kwa ajili ya Excel. Kidole kikikosea F2, dirisha la msaada linafunguka na kunivuruga.

Kwenye Word na Excel mambo safi. Nikifungua programu ya mauzo, kimya. hsk inabaki hsk. Nikasema huu ni mgongano, kuna programu nyingine inanipora vitufe. Jioni nzima nikawa nazima moja moja: ya kupiga picha skrini, ya sauti, hadi ya printa. Hakuna kilichobadilika. Jioni imeliwa bure.

Kilichonifungua macho ni kitaa cha CapsLock. Ndani ya Word hakiwaki, maana skripti inakidaka kitufe kabla. Ndani ya programu ya mauzo kinawaka. Yaani huko kitufe kinapita moja kwa moja, skripti haikioni kabisa. Nikafungua KeyHistory, orodha ya vitufe ambavyo skripti imevisikia, kuhakikisha: niliyochapa kwenye Word yote yamo, niliyochapa kwenye mauzo hakuna hata herufi moja. Ungekuwa mgongano wa kawaida, ningeona angalau vitufe jirani.

Sababu: programu ile inajiwasha kwa mamlaka ya msimamizi, na Windows hairuhusu skripti ya mtumiaji wa kawaida kusikiliza wala kutuma vitufe kwenye dirisha lenye mamlaka makubwa kuliko yake. Dawa ni kuipandisha skripti nayo. Mistari hii nimeiweka juu kabisa:

```
if not A_IsAdmin {
    Run '*RunAs "' A_ScriptFullPath '"'
    ExitApp
}
```

CapsLock ikatoa mkwaju kila mahali. Nikatembea dukani kama mwenye nyumba.

Asubuhi yake dada wa kaunta ananiita: "Kaka, njoo uone, kila nikianza mauzo mapya ule mstari wa juu unafutika." Mteja wa rimu za karatasi kasimama, kashika hela. Kumbe kwenye programu ile F1 ni mauzo mapya na F2 ni kufuta mstari. Muda wote skripti ilipokuwa kiziwi huko, F1 yangu haikumdhuru mtu. Nilipoipa masikio ndipo mgongano wa kweli ukazaliwa, na mwenye makosa ni mimi. Nikautoa ule mstari wa F1 wa mwanzo, nikaufungia ndani ya Excel tu:

```
#HotIf WinActive("ahk_exe EXCEL.EXE")
F1::F2
#HotIf
```

Ule #HotIf mtupu wa chini msiusahau. Mimi niliusahau, na vifupisho vyote vilivyofuata vikawa vinafanya kazi ndani ya Excel tu. Saa nzima nyingine.

Najua mtaniambia SharpKeys. Kweli, inabadili vitufe kwa kuandika kwenye rejista ya Windows, inafanya kazi hata kwenye madirisha ya msimamizi, na kwa kitufe kilichokufa peke yake ningeitumia. Ila haijui kutofautisha Excel na mauzo, na vifupisho haina.

Nilipanga wiki hii nitengeneze menyu ya kuchagua aina za barua. Sijaigusa, maana nimepata hiki kitamu zaidi:

```
:*?:k=::,000/=
```

Naandika 15k= inakuwa 15,000/= papo hapo. Alama ya kuuliza ndiyo inayokiruhusu kifupisho kifanye kazi kikiwa kimeshikana na tarakimu. Nyota inafuta haja ya kubonyeza nafasi.

Limebaki la skripti kujiwasha yenyewe. Sitaki lile dirisha la kuomba ruhusa kila asubuhi, kwa hiyo nimeiweka kwenye Task Scheduler na kutia tiki Run with highest privileges. Ilikaa vizuri mpaka saa kumi jioni umeme ulipokatika, na CapsLock ikarudi kuwa CapsLock sekunde hiyo hiyo. Kwenye kichupo cha Conditions kuna tiki mbili zinazokuja zimeshawekwa: usianzishe kama kompyuta iko kwenye betri, na simamisha ikihamia betri. Nimezitoa zote mbili.

Nimechomoa chaja mara nne. Mkwaju upo.