Mnyororo wa Karantini

Tetekuwanga ilipoingia bwenini kwetu ilitupata watano kwa mpigo. Matroni alitukusanya na magodoro yetu akatuhamishia chumba cha mwisho, kile cha wagonjwa, akatupa sharti moja tu: hatoki mtu mpaka kila kipele mwilini mwake kiwe kimekauka na kufanya kigaga. Kila asubuhi angekuja kutukagua migongo. Akatuachia chupa ya kalamini, akafunga mlango.

Vitabu tulivichoka upesi, na karata zilikuwa marufuku. Ndipo Mrefu, mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye miguu yake ilikuwa inaning'inia nje ya kitanda, akasema tucheze mnyororo. Anayetangulia anataja neno, anayefuata anashika silabi ya mwisho ya neno hilo na kuanza nayo lake. Neno likishatajwa halirudiwi. Sote tuliujua tangu utotoni, lakini safari hii Mrefu aliongeza kitu: hatukuwa tunashindana. Kazi ilikuwa kuufanya mnyororo usikatike mpaka wa mwisho wetu atakapoachiwa. Mvulana wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa na mwandiko mzuri, akapewa daftari na jina la Karani.

Neno la kwanza halikuhitaji kutafutwa. Tetekuwanga. Kutoka hapo tukaenda ngalawa, waraka, kamba, mbavu, vumbi, mbingu, nguzo, zoezi, ziwa, na Karani akaandika mpaka taa zilipozimwa.

Sheria nyingine zilizaliwa kwa kugombana. Vitenzi tulivikubali kama vinavyokaa kwenye kamusi tu, pika, imba, kimbia, bila vikolezo. Tungeruhusu "nimekuja" na "tulikula" pasingekuwa na mchezo, maana kila anayepewa "ni" au "tu" angejinyoshea mkono tu. Vivyo hivyo "ku": ukiruhusu kuimba na kupika, silabi hiyo haina mwisho. Wingi tuliukubali, kwa sababu bila vyama na vyombo mtu akikuachia "vya" au "vyo" umekwisha.

Kadogo, wa kidato cha kwanza, ndiye aliyetusumbua zaidi kuhusu mahali pa kukatia. Mtu alitaja nyundo, naye akajibu dobi. Mrefu akamwambia apige makofi huku akilitamka neno. Nyu, ndo. Makofi mawili, na hiyo n imeng'ang'ania d, haiachani nayo. Kwa hiyo ni ndoto, ndoo, ndovu, ndoa, chagua unayotaka, lakini dobi hapana. Tangu hapo makofi yakawa ndiyo hakimu wetu, na Matroni alipogonga mlango kuuliza kelele za nini, tulimjibu tunasoma. Haukuwa uongo kabisa.

Mara ya kwanza kukwama tulikwama kwenye funza. Jirani yangu wa kitanda alilitaja kwa furaha, kumbe silabi yake ya mwisho ni "nza". Tulikaa kimya muda mrefu. Hakuna aliyejua neno linaloanza na nza, na kamusi iliyochakaa tuliyokuwa nayo haikutuokoa. Mrefu hakumlaumu mtu, aliweka tu sheria ambayo nadhani ndiyo iliyouweka hai mnyororo siku zote zile: kila anayetaja neno awe tayari na jibu lake kichwani. Akikwama anayefuata, mtajaji huulizwa, "Wewe ungesema nini?" Akikosa, neno lake linafutwa na anatafuta jingine. Funza likafutwa. Tunza, anza na funzo hatukuwahi tena kuyagusa, maana "nzo" nayo ni walewale.

Sheria hiyo ilibadilisha namna tulivyofikiri. Zamani nilikuwa nikipewa silabi natafuta neno lolote linaloanza nayo. Sasa nilianza kuyaangalia maneno kwa mkiani. Nikipewa "ma" sikimbilii matunzo, nachukua malaika, kwa sababu linaishia "ka" na "ka" haimalizwi leo wala kesho. Kadogo akishika "sa" anataja sanduku, akijua Mrefu ana ghala zima la maneno ya "ku". Tukaanza kujuana: nani ana maneno mengi ya dini, nani ya mpira, nani amelelewa na bibi anayesema maneno ambayo sisi wengine tuliyaona kwenye mashairi tu.

Kisha ikaja jioni ya kumbukumbu. Mtu alitaja shauku, nami nikajibu kumbukumbu, nikaona nimefanya la maana. Aliyefuata alikuwa Kadogo. Mbu mmoja alikuwa anamzungukia sikioni, naye akamwelekezea kidole na kusema, "Mbu!" Tukacheka, Karani akainama kuandika. Mrefu akamzuia.

"Lipigie makofi kwanza."

Kadogo akapiga kofi moja. Mrefu akapiga mawili. "M, bu." Wakaanza kubishana, mmoja anasema kofi moja, mwingine mawili, na kila aliyelitamka kwa kulivuta alisikia anachotaka kusikia. Bahati Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa anapita nje ya dirisha akielekea maabadani. Karani akamwamkia, shikamoo Mwalimu, na kabla hajamaliza kuitikia marahaba tulikuwa tumeshamtupia kesi.

Hakutujibu moja kwa moja. Alituuliza mkazo katika Kiswahili hukaa wapi. Silabi ya pili kutoka mwisho, tukasema. "Haya, tamkeni kumbukumbu. Mkazo uko wapi?" Kwenye ile ku ya pili. "Sasa tamkeni mbu. Sauti inapanda wapi?" Tukalitamka, tukasikia. Inapanda kwenye m, kabla midomo haijaachia b. Kama mkazo uko kwenye m, basi m ni silabi yenyewe, na bu ni nyingine. Mbu ana silabi mbili, na ile mbu ya mwisho katika kumbukumbu si yeye. "Mbuzi je?" akauliza. Mbu, zi. Makofi mawili, mkazo kwenye mbu. Mbuzi anaingia.

Kadogo hakukata tamaa. Akajaribu mbuyu. Mwalimu akainua vidole vitatu: m, bu, yu. Mti huo wingi wake ni mibuyu, m yake ni kiambishi kinachosimama peke yake. Kadogo akafikiri, akasema, "Mbuni."

Hapo Mwalimu mwenyewe akacheka. "Mbuni yupi?"

Yule ndege, akasema Kadogo. Angekuwa amekusudia mtu anayebuni vitu, au mti wa kahawa, ingekuwa m, bu, ni, makofi matatu, na neno lingekataliwa. Lakini ndege ni mbu, ni. Herufi ni zilezile, moja linapita na jingine halipiti, na Karani akalazimika kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu: ndege. Aliyefuata akashika "ni" akasema nira, Mrefu akasema rasimu, mnyororo ukaendelea na muziki na kiberiti kana kwamba hakukuwa na kesi.

Usiku ule Karani hakulala mapema. Alikuwa anapekua daftari kwa tochi, kisha akatuamsha. "Hakuna mtu humu," alisema. Tukadhani anaweweseka. Alimaanisha neno: katika kurasa zote zile hamkuwa na mtu, wala mti, mtoto, mchele, mlango, mkono. Tulikuwa tumepita juu ya maneno ya kawaida kuliko yote bila kuona kwamba hayamo. Sababu ilikuwa ileile ya mbu. Yote huanza na ile m inayosimama peke yake, na hakuna neno la Kiswahili linaloishia hivyo, maneno yetu hufungwa kwa irabu. Njia pekee ya mtoto kuingia kwenye mnyororo ni kuwa neno la kwanza, na nafasi hiyo tuliishaipa tetekuwanga. Muda, muhogo na muziki huingia bila taabu kupitia damu, ndimu, rasimu, kwa kuwa u yao imetamkwa. Mtoto hawezi.

Jirani yangu akadai ana njia. Maalum! Watu wengi huliandika bila u, linaishia m, basi anayefuata aseme mtoto. Tulikaa vitandani tukapiga makofi gizani: ma, a, lum. Ile m haikusimama, imefunga silabi ya lum tu. Na ukiirudishia u yake linakuwa maalumu, unarudi kwenye muda na muhogo. Akalala amenuna.

Hukumu ya mbu ilituachia deni moja. Siku za nyuma tulikuwa tumemkubali nzi baada ya mapenzi, na nzi naye ni n, zi, hafai. Karani alitaka tumfute pamoja na kila kilichomfuata, kurasa kadhaa. Mrefu akasema yaliyopita si ndwele. Lakini tulipofika kwenye panzi tukagundua ubaya wake: tulibaki na nzige tu. Nzito, nzima na nzuri ni sifa zilizovaa ngeli, tulikuwa tumezikataa. Nzige alipotajwa, maneno yote yanayoishia nzi yalifungwa siku hiyohiyo, na mwanzi, ambalo nilikuwa nalihifadhi kwa siku ya shida, likanifia mkononi. Karani akafungua ukurasa wa nyuma akauita makaburi. Nza, nzo, nzi. Kabla ya kutaja neno tulikuwa tunamwuliza yeye kama mlango uko wazi.

Wa kwanza kuachiwa alikuwa Mrefu. Akaendelea kuja dirishani baada ya chakula cha jioni kutoa neno lake, akisimama mbali kidogo kama Matroni alivyotaka. Mimi na Kadogo tulibaki mwisho. Asubuhi tuliyokaguliwa migongo na kuambiwa tufunge magodoro, mnyororo ulikuwa umesimama kwenye "la", na tulikuwa tunabishana kama ghafla inaishia "la" au "fla".

Darasani niliwasimulia wenzangu, wakataka tucheze pale pale, dawati hadi dawati. Yalipita maneno machache tu. Mvulana mmoja wa nyuma akapewa "cha", akatabasamu, akasema chanzo, darasa zima likampigia meza kwa kushinda. Jioni nikaenda kwa Karani kuulizia daftari. Akaniambia liko kwa Kadogo, na zamu ni yangu, nimeachiwa "ye".