Nilivyopanga tovuti ya redio yetu ndogo: kipindi, toleo na saa ya kwenda hewani

Nilipopewa kazi ya kupanga tovuti ya redio yetu, nilichukua karatasi nikachora jedwali la siku 7. Kila kisanduku niliandika jina la kipindi, na chini yake nikaweka nafasi ya kiungo cha kusikiliza tena. Niliona ratiba yenyewe inatosha kuwa mlango wa kila kitu.

Kasoro ilionekana wiki ya pili. Kipindi chetu cha afya huruka Alhamisi na marudio yake ni Jumapili. Kwa mpango wangu, marudio yalipata ukurasa wake, nao haukuwa na sauti kwa sababu rekodi ilikuwa imebandikwa kwenye ukurasa wa Alhamisi. Msikilizaji aliyebonyeza Jumapili alikuta patupu. Kisha kipindi kikahamishiwa Jumatano, na kwa kuwa anwani za kurasa nilizitunga kwa siku na saa, viungo ambavyo watu walikuwa wametumiana vilikufa vyote.

Nikarudi kwenye karatasi na kutenganisha vitu vitatu. Kwanza kipindi: jina, mtangazaji, maelezo mafupi. Pili toleo, yaani rekodi moja yenye namba, mada na faili lake la sauti. Tatu kurushwa hewani: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na namba ya toleo linalorushwa. Toleo la 147 la kipindi cha afya sasa linarushwa mara mbili, lakini ukurasa wake ni mmoja tu, `/sikiliza/afya/147`. Kipindi kikihamishwa siku, anwani haiguswi. Tukilazimika kuondoa rekodi, ukurasa unabaki na unamweleza msikilizaji kwamba sauti imeondolewa, badala ya kumwonyesha kosa.

Kilichonisumbua zaidi ni usiku. Tuna kipindi kinachoanza saa tano usiku Jumamosi na kumalizika saa saba usiku. Kwa kompyuta, hiyo ni 23:00 ya Jumamosi hadi 01:00 ya Jumapili. Kisanduku cha “Hewani sasa” kilikuwa kinatafuta vipindi vilivyoanza leo, kwa hiyo ikigonga saa sita usiku kilibaki kitupu ilhali mtangazaji bado anaongea. Dawa ilikuwa kuhifadhi tarehe na saa kamili za mwanzo na mwisho, kisha kuuliza: kipi kimeshaanza na hakijaisha? Siku haiulizwi kabisa. Ila kwenye ratiba inayosomwa na watu, kipindi hicho nimekiacha chote chini ya Jumamosi, kwa sababu msikilizaji anayekesha nacho anahesabu kuwa ni usiku uleule.

Halafu kuna saa zetu za Kiswahili. Mwenzangu alijaza 5:00 kwenye fomu akimaanisha saa tano usiku, na ratiba ikaonyesha kipindi saa kumi na moja alfajiri. Hakukosea, fomu ndiyo haikusema inataka saa ipi. Sasa fomu ina sehemu ya pili ya kuchagua alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kabla ya kuhifadhi inaonyesha jibu kwa namna zote mbili: “Saa 5:00 usiku (23:00)”. Tangu hapo sijaona kosa la aina hiyo.

Upande wa sauti niliamua mapema. Vipindi vyetu vingi ni mazungumzo, hivyo MP3 ya mono kwa kilobiti 64 kwa sekunde inasikika vizuri, na saa moja inachukua megabaiti 29 hivi. Kwa kilobiti 128 ingekuwa 58, na bando la msikilizaji lingeisha upesi. Ukubwa wa faili nimeuandika kando ya kitufe ili mtu ajue kabla hajabonyeza. Kichezeshi nacho nimekizuia kisipakue chochote mpaka kibonyezwe:

```html
<audio controls preload="none" src="/sauti/afya-147.mp3"></audio>
```

Jambo moja karibu linipite. Wasikilizaji walilalamika kwamba wakitaka kuruka hadi dakika ya 40, sauti inarudi mwanzo. Faili lilikuwa zima. Seva ndiyo iliyokuwa haikubali kutoa kipande cha faili. Hivi ndivyo nilivyoipima:

```
curl -s -o /dev/null -D - -H "Range: bytes=0-99" https://example.org/sauti/afya-147.mp3
```

Mstari wa kwanza wa jibu ukiwa na `206`, kuruka kutafanya kazi. Mimi nilipata `200`, yaani seva ilipuuza ombi la kipande na kuleta faili lote. Tulikuwa tunapitisha sauti kwenye programu ndogo ya kuhesabu wasikilizaji, nayo ndiyo ilikuwa haijui vipande. Niliiondoa njiani, seva ikatoa faili moja kwa moja, na hesabu tukaanza kuzitoa kwenye kumbukumbu za seva.